Aliyekubali Bei ya Kwanza

Wapagazi walikuwa wengi Bagamoyo mwaka ule mpaka kisima cha Dunda kikawa kinatoa tope. Misafara miwili ilikuwa imeshuka kutoka Unyamwezi na pembe, na mingine miwili ilikuwa inajikusanya kupanda, yote kwa wakati mmoja, na kila mpagazi ana tumbo. Mwaija aliwapikia. Alikaa karibu na uwanja wao na vyungu viwili, kimoja cha uji na kimoja cha kunde, na mikono yake ilikuwa na makovu ya moto tangu kwenye vidole hadi viwikoni. Watu wa mji walimwita Mama Kunde. Jina hilo hakulipenda, lakini aliitika, kwa sababu anayeitika ndiye anayeuza.

Tangu mwandamo wa mwezi alikuwa ameona jambo ambalo watu wengine waliliona tu kama balaa. Wapagazi walilipwa kwa reale, ile fedha kubwa nyeupe yenye sura ya bibi wa Kizungu. Lakini nani atanunua bakuli la kunde kwa reale? Bakuli ni pesa mbili. Basi kila mpagazi ilimbidi avunje reale yake apate pesa, zile shaba nyekundu, za Kihindi au zile mpya za Sayidi wa Unguja zenye picha ya mizani. Na pesa zilikuwa zimeadimika. Siku za kawaida ukimpa mvunja fedha wa Bagamoyo reale moja, anakupa pesa mia ishirini na nane. Mwezi ule zilianza kupungua: mia ishirini, mia kumi na mbili. Sasa zilikuwa mia na nne. Mpagazi alikuwa analipwa reale ileile, na njaa yake ileile, ila reale yake haikumfikisha tena mwisho wa wiki.

Unguja hali haikuwa hivyo. Mwaija alilijua hilo kwa nahodha wa jahazi aliyekula kunde zake na kulalamika, kama wanavyolalamika manahodha, kwamba Bagamoyo kumejaa wezi. Unguja, alisema, reale moja bado ni pesa mia thelathini na mbili, na ukimkaba mtu vizuri hata thelathini na tatu.

Mwaija aliendelea na kazi yake. Alikoroga uji. Lakini neno lile alilishika.

Maana kila aliyeishi bandarini alijua tofauti ya bei kati ya Unguja na mrima, yaani pwani ya bara, haizidi pesa nne kwa reale. Nne hizo ni nauli ya jahazi, ushuru wa forodha, hamali wa kubeba, na woga wa kuzama. Hazizidi kwa sababu zikizidi tu, hata mbili, yuko mtu anayeona. Ananunua pesa kule ziliko rahisi, anaziuza huku ziliko ghali. Na wenzake wanamwona, nao wanafanya vivyo hivyo, mpaka kule zinapanda, huku zinashuka, na mwanya unazibika. Hakuna anayekusudia kuuziba. Kila mmoja anataka tu tumbo lake lijae. Panya hawakukutana kuamua kumaliza gunia la mtama. Kila mmoja alikula punje yake.

Lakini leo mwanya ulikuwa pesa ishirini na nane, na karibu majahazi yote yalikuwa Pemba, kwenye msimu wa karafuu. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuona. Ila yeye.

Na alikuwa na sababu ya kuona. Sababu hiyo ilikuwa na miaka kumi na mitatu, na jina lake Sada.

Hapa tuseme wazi, maana jambo hili halifai kufunikwa. Mwaija alikuwa mtumwa wa nyumba ya Mahfoudh, tajiri wa misafara, na baba yake Mahfoudh alipokuwa anakata roho alimwacha huru, kwa wasia, mbele ya mashahidi, kujitafutia kheri ya akhera. Lakini Sada alikuwa ameshazaliwa. Na wasia ulimtaja mama, haukumtaja mtoto. Labda mzee alisahau. Labda alidhani mmoja anatosha kumfikisha peponi. Basi Mwaija alitoka kwenye nyumba ile akiwa huru, na mwanawe akabaki jikoni mwa nyumba ile, na kwa miaka minane mama huyu alimwona mtoto wake siku za Ijumaa tu, kwa ruhusa.

Siku aliyosikia maneno ya nahodha, asubuhi yake alikuwa amesikia neno jingine. Mahfoudh anampeleka Sada Unyanyembe, pamoja na msafara, kuwa zawadi kwa mshirika wake aliyeko huko. Msafara unaondoka Ijumaa baada ya sala.

Alikwenda akamkuta Mahfoudh barazani, amekaa juu ya msala, anapunga upepo kwa kipepeo cha ukindu. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti laini. Hakuwahi kumpiga mtu kwa mkono wake, na jambo hilo alipenda lijulikane.

"Shikamoo, bwana."

"Marahaba, Mwaija. Biashara?"

"Inakwenda, bwana, alhamdulillahi. Bwana, nimekuja kwa ajili ya Sada."

"Najua."

"Nataka kumkomboa."

Mahfoudh akaacha kupunga. "Mshirika wangu nimemwandikia barua. Ameshaambiwa anakuja msichana anayejua kupika mchuzi. Nitampelekea nini, barua nyingine?" Akamtazama mwanamke yule, na pengine alikumbuka kwamba ndiye aliyemlea yeye utotoni. "Reale sitini. Kabla msafara haujaondoka. Kwa sitini nitamnunulia mwingine."

"Bwana, sitini ni bei ya..."

"Sitini ni bei. Sikukuita, Mwaija. Wewe ndiye uliyekuja."

Akiba yake ilikuwa reale hamsini. Miaka minane ya kunde. Alizizika chini ya jiwe la figa, na kila usiku alilala akiwa amegeukia upande ule.

Sasa akapiga hesabu, na hesabu kwa mtu anayeuza mabakuli si kitu kigeni. Reale hamsini Unguja, kwa mia thelathini na mbili, ni pesa elfu sita na mia sita. Azilete Bagamoyo, avunje kwa mia na nne: reale sitini na tatu na ushei. Toa nauli, toa ushuru. Zinabaki sitini na mbili. Aliirudia hesabu ile mara tatu kwa kunde, akizipanga chini, na kila mara Sada alitoka huru.

Palikuwa na mahali pamoja pa kusimama na kufikiri, naye hakusimama. Alipokuwa pale barazani, Mahfoudh mwenyewe alikuwa anahitaji pesa. Alikuwa na wapagazi mia tatu wa kulisha, na alikuwa akizitafuta shaba mji mzima awavunjie. Mwaija angeweza kumwambia, bwana, nikikuletea pesa, utazichukua kwa ngapi? Wangekubaliana palepale. Lakini aliogopa. Alijisemea kwamba akifungua mdomo, Mahfoudh naye atauona mwanya na kutuma watu wake Unguja kabla ya jua kuzama, na nani atashindana na Mahfoudh? Kwa hiyo alifunga mdomo, akaaga, akarudi nyuma hatua chache kwa adabu, na akajiona mjanja. Kheri angekuwa mpumbavu.

Alivuka kwa jahazi lililobeba chumvi ya Nunge. Hakulala wala hakutapika. Alikaa juu ya reale zake zilizofungwa ndani ya kaniki, na mtu akimsogelea anakohoa kama mwenye kifua.

Mvunja fedha ambaye Mwaija aliambiwa ndiye mwaminifu aliitwa Darwesh. Duka lake lilikuwa nyuma ya Ngome, mlango mwembamba, ndani giza la baridi na harufu ya shaba. Darwesh alikuwa kijana bado, ndevu zake chache zimepakwa mafuta, na alikuwa na tabasamu la mtu aliyefurahi kukuona hasa wewe. Aliagiza kahawa kabla hata Mwaija hajakaa.

"Karibu, mama, karibu. Watoka mrima?"

"Natoka Bagamoyo."

"Habari za huko?"

"Njema."

"Na pesa, zauzwaje siku hizi?"

Swali hili kila mgeni wa mrima huulizwa Unguja, kama anavyoulizwa mvua, na Mwaija alikuwa amejiandaa nalo tangu jahazini. "Kama kawaida tu," alisema. "Mia ishirini na saba, ishirini na nane."

"Alhamdulillahi," akasema Darwesh. "Basi mimi nakupa mia ishirini na nane kwa reale. Nisikudanganye, shaba imekuwa tabu."

Sasa, wewe unayesoma, kama una shangazi wa pwani, unajua anachopaswa kufanya mtu hapo. Anapaswa kupiga kelele. Anapaswa kushika kichwa, amwite Mungu, aulize kama amekuja dukani au kwenye pango la haramia. Mwenye duka anaapa kwa kaburi la mama yake. Mteja anainuka, anafunga kaniki, anafika mlangoni, anaitwa. Anarudi kwa mia thelathini. Anainuka tena. Ndivyo inavyokuwa kwa samaki, kwa kanzu, kwa mahari ya binti. Asiyebishana bei amewatukana watu wa nyumba, au ana jambo.

Na Mwaija alijua kubishana kuliko wengi. Alikuwa amewahi kubishania nusu kibaba cha kunde mpaka mwenye duka akalia. Lakini jahazi alilopanga kurudi nalo lilikuwa linaondoka na maji kujaa, na maji yalikuwa yameshafika kwenye mikoko. Na kichwani alikuwa na hesabu yake. Mia ishirini na nane mara hamsini ni elfu sita na mia nne. Gawa kwa mia na nne. Sitini na moja na nusu. Toa moja ya nauli na ushuru. Inatosha. Mtoto anatoka.

"Hewala," alisema. "Nihesabie."

Darwesh alikuwa ameinua kikombe kinywani. Hakunywa. Alikiweka chini polepole, na tabasamu lake halikubadilika hata kidogo, ila macho yake yalimtazama mwanamke huyu upya: kaniki yake, mikono ya mpishi, miguu yenye mchanga, na jinsi alivyokuwa akitazama nje kila mara kuangalia maji.

"Zote hamsini?"

"Zote."

"Hubakizi hata moja ya kununulia kanga?"

"Sina haja ya kanga."

"Mwenyezi Mungu akuzidishie," akasema Darwesh, akaenda nyuma ya pazia.

Mwaija alisikia akizungumza na mtu, kwa sauti ya chini, Kiarabu cha haraka. Kisha akarudi na mifuko, akaketi, akaanza kuhesabu pesa tano tano juu ya mkeka. Alihesabu vizuri mno. Kila akifika mia anarudia. Akikuta pesa iliyochakaa anaitoa, anaiombea radhi, anatafuta nyingine.

"Baba, mimi nina haraka."

"Haraka haina baraka, mama. Mtu hapokei shaba bila hesabu, kesho utasema Darwesh wa nyuma ya Ngome mwizi. Kunywa kahawa."

Ikaja halua. Ikaja kahawa ya pili. Mlango wa uani ulifunguliwa na kufungwa, na Mwaija aliona, kupitia pazia lililopeperuka, mahamali wawili wakipita na gunia dogo lililowapinda migongo. Gunia dogo linalopinda migongo ya watu wawili halina karafuu. Kisha likapita la pili. Kisha likaja sauti ya mvunja fedha wa duka la jirani, akiuliza kwa nini Darwesh ananunua shaba kwa watu mtaa mzima asubuhi hii, na yeye pia mbona asiambiwe.

Mwaija alielewa. Shaba zile zilikuwa zinawahi Bagamoyo.  Lakini angesema nini? Reale zake zilikuwa zimeshaingia kwenye sanduku la Darwesh, na pesa zake zilikuwa bado vichuguu juu ya mkeka. Alitazama vidole vile vyeupe vikihesabu, tano, tano, tano, naye akatamani kuviuma.

"Mbona mama hunywi?" aliuliza Darwesh. "Imepoa?"

"Umejuaje?" alisema Mwaija.

Kijana yule hakujifanya hakuelewa. Tumsifu kwa hilo. "Mama yangu," alisema kwa upole, "mtu anayetoka Bagamoyo na reale hamsini, akakubali bei yangu ya kwanza, ameona huko bei nzuri mno hata pesa nne kwa reale ni taka kwake. Ungeniita haramia, ungeniangalia vibaya, ningekuhesabia kwa mia thelathini na mbili na nisingewaza kitu." Akasukuma mfuko wa mwisho. "Hizi hapa, timamu. Sijakuibia hata moja. Ukitaka hesabu tena."

Jahazi alilopanga kurudi nalo lilikuwa limeshaondoka. La Darwesh liliondoka nyuma yake, na la jirani nyuma ya la Darwesh, na yote mawili yalikuwa mepesi, ya tanga jipya. Lililobaki lilikuwa la mtu wa Mbegani aliyekuja kuuza ng'onda, samaki waliokaushwa, naye alisema atashukia kwao, si Bagamoyo, na mwenye kutaka kwenda Bagamoyo ana miguu. Mwaija aliweka mifuko yake miwili chini ya mbao za kukalia, akakaa juu yake. Harufu ya ng'onda iliingia kwenye nguo. Njia nzima aliomba dua moja, na dua yenyewe ilikuwa mbaya: kwamba majahazi yale mawili yazame.

Hayakuzama. Pwani hii imezamisha majahazi ya mahujaji na ya maharusi, lakini ya shaba yalifika salama.

Kutoka Mbegani alipata mtu wa kubeba mfuko mmoja, mwingine akajitwika mwenyewe. Walipita Kaole kwenye jua kali, mwanamke wa makamo na kilo za shaba kichwani, shingo imeingia mabegani. Hakupumzika. Bado alikuwa na tumaini, na tumaini ndilo lililokuwa zito zaidi. Pengine walichelewa forodhani. Pengine wameuza kidogo tu. Hata mia na sita ingemfaa. Kwa mia na sita angekosa kidogo, na kidogo hukopwa.

Uwanjani wapagazi walikuwa wanaimba. Alijua kabla hajauliza. Watu wenye njaa hawaimbi vile.

"Mama Kunde!" Mnyamwezi mmoja, mteja wake, alimkimbilia. "Ulikuwa wapi? Pesa zimekuja! Jana jioni majahazi mawili, leo asubuhi matatu. Wanagombania kutuvunjia. Wa kwanza alitoa mia na kumi, mwenzake akamwita mwizi akatoa mia na kumi na sita, saa hii ni mia ishirini na nne. Mungu ambariki aliyewapelekea habari!"

Mwaija alitua mfuko chini. Shingo haikunyooka mara moja.

Mia ishirini na nne. Na Unguja, alivyokuja kusikia baadaye, Darwesh na wenzake walikuwa wamezinunua shaba kwa pupa mpaka kule nako zikapanda, reale moja ikawa pesa mia ishirini na nane. Tofauti, pesa nne. Nauli, ushuru, hamali, na woga wa kuzama. Mwanya ulikuwa umerudi ulikozoea kukaa, kana kwamba haukuwahi kufunguka, na wa mwisho kupita alikuwa bado mlangoni na mzigo wake.

Aliziuza zote. Kwa elfu sita na mia nne alipata reale hamsini na moja na ushei. Alimlipa hamali, alilipa nauli, alilipa ushuru kwa mtu wa forodha aliyemfuata mpaka uwanjani. Zilibaki hamsini. Zilezile alizochimbua chini ya figa. Alikuwa amezitembeza tu.

Ijumaa ile alimkuta Mahfoudh uani kwake, msafara umeshapangwa. Mizigo ya nguo za merikani ilikuwa imefungwa, wapagazi wamejipanga, na karibu na ukuta walisimama wanawake wa kubeba vyombo. Sada alikuwa wa tatu. Alikuwa ameshika sufuria mpya, na alipomwona mama yake alinyoosha shingo na kutabasamu, maana mama alikuwa amemwambia kwa siri, kupitia dirisha la jiko: nitakuja na reale zako kabla msafara haujaondoka. Na kweli, amekuja.

"Shikamoo, bwana."

Mahfoudh hakujibu marahaba.

"Bwana, ninazo hamsini. Chukua hamsini na vyungu vyangu, na nitakupikia bure mpaka nife. Kumi nitazileta. Bwana wanijua."

"Nakujua," alisema Mahfoudh. Sauti yake ilikuwa laini kama siku zote. "Na mtumishi wa Darwesh alipokuja kuuza shaba aliniambia kichekesho. Kuna mwanamke wa Bagamoyo, asema, mwenye makovu ya moto mikononi, asiyejua kubishana bei. Unguja nzima inacheka. Mwaija, mimi nilikuwa nimekusanya pesa elfu thelathini ndani. Nilikuwa nawavunjia wapagazi wangu kwa mia na nne; kila reale niliyowalipa kwa mkono wa kulia ilirudi kwa mkono wa kushoto na faida yake. Leo shaba zangu zimelala. Umeniangusha bei, halafu waja kuniomba punguzo?"

"Sikukusudia, bwana."

"Hakuna anayekusudia." Akajitengeneza kilemba. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa na haja ya kulisema, na nadhani alilisema kwa sababu lilimfurahisha. "Siku ile ulipokuja ningekuambia, kama ungeuliza. Nilikuwa natafuta shaba kwa udi na uvumba. Ungesema, bwana, nitakuletea, nipe bei sasa, ningekupa mia na nne kwa neno langu, mbele ya mashahidi. Neno langu halivunjiki. Hata leo, pesa zikiwa takataka, ningezipokea kwa mia na nne. Ulikuwa nazo ngapi?"

"Elfu sita na mia nne."

Mahfoudh alipiga hesabu haraka, midomo ikicheza. "Sitini ni elfu sita mia mbili na arobaini," alisema. "Ungebakiwa na za nauli."

Alimpa muda wa kuielewa. Halafu akampungia kirangozi, mwongoza msafara, na ngoma ikapigwa.

Mwaija hakulia pale. Alikwenda kando ya mstari, akaufuata, hamsini zake zimefungwa kiunoni zikimpiga pajani kila hatua. Sada alimtazama, akatazama kiuno chake, akaona kimevimba.

"Mama, si hizo hapo?"

"Hazikutosha, mwanangu."

"Zimepungua ngapi?"

Mama mwenye huruma angedanganya. Mwaija hakuwa na nguvu ya uongo tena. Uongo wake wote aliumalizia kwa Darwesh. "Kumi," alisema.

Sada alitafakari. Alikuwa mtoto wa Bagamoyo, aliyekulia jikoni karibu na mlango wa baraza, na hesabu za watu wazima alizisikia tangu akinyonya. "Kumi tu?" alisema. Mstari ukasogea. Sufuria ikagonga mgongo wa aliyekuwa mbele, Sada akatukanwa, akaanza kutembea. Walikata njia ya Kikoka, kuelekea kivukoni, na wapagazi waliimba vizuri kwa sababu kwa mara ya kwanza mwezi mzima walikuwa wameshiba.

Alasiri Mwaija aliwasha moto. Misafara mingine ilikuwa bado haijaondoka, na kunde zilizolowekwa haziwezi kungoja. Yule Mnyamwezi mteja wake alikuja akachuchumaa, akatoa reale, akaifuta kwenye shuka lake.

"Mama Kunde, nivunjie wewe. Leo ngapi?"

Alikitazama kile kipande cheupe, chenye bibi wake mnene. Alikuwa na pesa za mauzo kwenye kibuyu.

"Umesikia wenzangu wakitoa ngapi?" alisema.

"Mia ishirini na nne."

"Mwizi wewe!" alipiga kelele Mwaija, na watu wakageuka. "Mia ishirini na nne? Una wazimu? Unataka kuniua? Nakupa mia na kumi, na ukiondoka hapa usirudi!"

Mnyamwezi alicheka, akashika kichwa, akamwita Mungu, akainuka kwenda zake, akafika mbali kidogo, akageuka kuona kama anaitwa. Mwaija alikuwa bado anapiga kelele. Hakuwa akimtazama yeye. Alitazama njia ya Kikoka, na machozi yalikuwa yakidondoka ndani ya chungu, na aliendelea kubishana bei, kwa sauti ya juu, mpaka koo likamkauka na hakukuwa na mtu wa kumjibu.